Ofa ya gunia tatu kwa wateja wa kila wiki

"Nauza mchele kwa jumla Morogoro mjini. Nina wateja 22 wa kila wiki: migahawa na mama lishe wakubwa 14, kila mmoja gunia 1 kwa wiki, na maduka 8 yanayochukua gunia 2. Gunia la supa linanifikia ghalani kwa 220,000, nauza 245,000. Tarehe 4 Mei nitakuwa na gunia 200 ndani, ghala linabeba 250, na tarehe 18 Mei gari la gunia 150 za msimu mpya linaingia kutoka Ifakara. Mwaka jana nilitangaza 'punguzo kubwa kwa wateja wetu', wengi wakachukua kwa mkopo, na mpaka Agosti walikuwa bado wanadai bei ile ile. Safari hii niandikeje ofa ili isinirudie?"

Mwaka jana mteja hakuambiwa kwa nini bei imeshuka. Akiachwa ajibu mwenyewe, jibu lake huwa moja tu: kumbe huyu alikuwa anaweza kuuza hivi siku zote. Ukishafikiriwa hivyo, bei ya zamani ndiyo inayoonekana ongezeko, na ndiyo maana walikudai mpaka Agosti. Kwa hiyo kabla ya kuandika tangazo, kaa na daftari lako la mauzo ujiulize unataka kutatua tatizo gani, maana jibu la swali hilo ndilo litakalokupa karibu masharti yote mengine.

Tatizo lako linahesabika. Bila ofa yoyote, wateja hawa 22 wanachukua gunia 30 kwa wiki, yaani 60 kuanzia tarehe 4 hadi 16 Mei. Zinabaki 140. Gari likishusha 150 una gunia 290 katika ghala la 250, na 40 hazina pa kulala. Ili mzigo mpya uingie wote, gunia 100 zinatakiwa ziwe zimetoka kabla ya tarehe 18. Hiyo ndiyo sababu yako: nafasi ghalani. Nadhani unayo na ya pili usiyoitaja, kwamba gari hilo linahitaji fedha ya kulipia, lakini ya kumwambia mteja ni ya kwanza. Mteja anaweza kuiona kwa macho akiingia mlangoni, na haimfanyi aanze kujiuliza kama biashara yako imeyumba.

Sababu mbili hizi zinafanana machoni lakini masharti yake hayafanani, na hapa ndipo ofa nyingi zinapojikwaa. Anayetafuta fedha anaweza kumruhusu mteja alipe leo na kuchukua mzigo kidogo kidogo, gunia moja kila wiki. Anayetafuta nafasi hawezi. Akiruhusu hivyo, tarehe 18 atakuwa ametoa punguzo, ghala limejaa vile vile, na ndani kuna gunia za watu zilizolipiwa ambazo hawezi kuziuza wala kuzitoa nje. Kwa hiyo sharti lako la kwanza linajiandika lenyewe: mzigo uondoke ghalani kabla ofa haijafungwa. Asiye na pa kuweka gunia 3 nyumbani au mgahawani, ofa hii si yake, na ni afadhali ajue mapema kuliko kubishana naye mlangoni.

Sasa kiasi cha kupunguza. Faida yako kwa gunia kabla ya kodi na mishahara ni 25,000. Ukipunguza asilimia 5, ambayo wengi huiona ndogo, unatoa 12,250 na unabaki na 12,750. Nusu ya faida imeondoka. Faida uliyokuwa unaipata kwa gunia 40 sasa unaitafuta kwa gunia 79, na mtaa wako hauli wali mara mbili kwa sababu umeshusha bei. Ukipunguza 5,000 tu, unauza 240,000 na unabaki na 20,000 kwa gunia. Hapo gunia 50 zinakupa kile ulichokuwa unapata kwa 40, na hilo linawezekana.

Pima 5,000 hiyo na gharama ya kutofanya ofa. Weka bei za kwenu, mimi nachukulia mfano: ghala la kukodi mwezi mmoja kwa ajili ya gunia 40 ni 300,000, na kuli wa kuzipeleka na kuzirudisha, 2,000 kwa gunia, ni 80,000. Upande wa fedha, gunia 100 kwa 240,000 zinakupa milioni 24 kabla gari halijafika, wakati mauzo ya kawaida ya gunia 60 yangekupa milioni 14.7. Tofauti ya milioni 9.3 ukiikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ni kama 280,000. Jumla inafika 660,000. Punguzo la 5,000 kwa gunia 100 ni 500,000, na hata zikitoka 120 ni 600,000. Ofa inalipa, ila kwa mwanya mdogo. Ukivutwa kufika 8,000 kwa gunia, umevuka, na ni nafuu kwako kukodi ghala.

Usiandike punguzo kwa asilimia. 5,000 katika 245,000 ni asilimia 2, na asilimia 2 haimtoi mtu kwake. Andika bei mbili kwa shilingi, ya kawaida na ya ofa, na mwambie mama lishe kwamba kwa gunia 3 anabakiwa na 15,000 mkononi, mwenye duka kwa gunia 6 anabakiwa na 30,000. Fedha hiyo anaijua inanunua nini.

Kiwango cha chini ndicho kinachotenganisha ofa na zawadi. Ukisema "kuanzia gunia 2", mwenye duka anayechukua 2 kila Jumatatu atapata punguzo kwa kufanya kile alichokuwa anafanya. Kiwango lazima kizidi mazoea yake katika muda wote wa ofa. Katika wiki 2 za ofa, mama lishe wako angechukua gunia 2 na duka lingechukua 4, kwa hiyo chini weka mahitaji ya wiki 3: gunia 3 kwa mama lishe na mgahawa, gunia 6 kwa duka, zote kwa ununuzi mmoja. Mwenye duka atalalamika kwamba jirani yake kapata bei hiyo hiyo kwa gunia 3. Mjibu bila kuficha: kipimo ni kimoja kwa wote, wiki 3 za kawaida yako. Ukijaribu kuficha viwango viwili, vitajulikana tu siku ya pili, maana wanapakia kwenye guta moja.

Kiwango cha juu wengi hawakiweki kabisa, na kwa mchele wa mwezi wa tano ni kosa kubwa. Mavuno ya bonde la Kilombero yanapoanza kuingia sokoni, bei huwa inalegea, na wewe unalijua hilo kuliko mteja wako. Ukimwachia mama lishe abebe gunia 8 kwa 240,000 kisha katikati ya Juni supa imeshuka, atakaa na mzigo wa bei ya juu huku jirani yake ananunua kwa bei ya chini, na hatakumbuka punguzo lako. Funga juu kwenye wiki 4: gunia 4 kwa mama lishe, gunia 8 kwa duka. Kwa mwendo wao wa kawaida, hata aliyenunua siku ya mwisho mzigo wake utakuwa umeisha wiki ya pili ya Juni. Wapo wanaoahidi kurudisha tofauti bei ikishuka. Usiingie huko. Kwa gunia 100, kushuka kwa 5,000 tu kunakudai nusu milioni nyingine, wakati kikomo hakikugharimu chochote.

Viwango hivyo pia vinakupa idadi ya kutenga. Wote 22 wakichukua kiwango cha juu, ni gunia 56 kwa mama lishe na 64 kwa maduka, jumla 120. Zitenge 120, zipange upande mmoja wa ghala, na zile 80 zinazobaki ziuzwe 245,000 kwa mteja yeyote mwingine. Kwa hesabu hii humnyimi mtu wa orodha yako hata mmoja, na hutalazimika kuandika "mzigo ukiisha ofa imeisha", sharti ambalo wateja wa kudumu hulichukulia kama mlango wa kutorokea.

Tarehe sasa. Wateja wako wananunua kila wiki, kwa hiyo ofa iwape nafasi mbili: wiki ya kwanza wasikie na kutafuta fedha, ya pili waje kuchukua. Ikiwa siku 5, aliyejaza mchele siku moja kabla ameachwa. Ikiwa mwezi, hakuna atakayeharakisha. Jumatatu 4 Mei hadi Jumamosi 16 Mei 2026 inatosha, na andika hata saa ya kufunga, saa 11 jioni, maana "mwisho Jumamosi" kwa mtu mmoja ni adhuhuri na kwa mwingine ni saa 3 usiku ukiwa umeshafunga. Jumapili inakubaki ya kupanga ghala. Usiandike "mpaka gari la mzigo mpya lifike". Mwezi Mei mvua za masika bado zinaweza kuwepo, gari likikwama siku 6 njiani ofa yako nayo inakwama wazi siku 6.

Neno "mteja wa kudumu" litakuletea watu usiowajua wakidai ni wa kudumu. Lipe maana: aliyenunua angalau wiki 6 kati ya 8 zilizotangulia tarehe 4 Mei. Daftari lako litatoa majina, yaandike kwenye karatasi moja inayokaa kaunta, na kila jina liwe na nafasi ya kujaza gunia zilizochukuliwa, kiasi kilicholipwa, tarehe na sahihi. Karani asiwe na kazi ya kuamua. Kazi yake iwe kuangalia kama jina lipo.

Ujumbe wenyewe mtumie kila mteja kwa simu yake, usiubandike ukutani wala kuutupa kwenye kundi. Wa mama lishe unaweza kuwa hivi:

"Habari mama. Tarehe 18 Mei tunapokea mchele wa msimu mpya na tunahitaji nafasi ghalani, kwa hiyo tunawapa bei wateja wetu wa kila wiki. Supa ya msimu uliopita, gunia la kilo 100: 240,000 badala ya 245,000. Kuanzia Jumatatu 4 Mei hadi Jumamosi 16 Mei 2026, saa 11 jioni. Kwako ni kuanzia gunia 3, mwisho gunia 4, kwa ununuzi mmoja. Malipo yote kabla ya kupakia, hakuna mkopo kwa bei hii. Mzigo uondoke ghalani kabla ya muda huo kwisha. Kuanzia Jumatatu 18 Mei bei ni 245,000 kama kawaida. Jibu kwa idadi unayotaka na siku utakayokuja."

Angalia mpangilio. Sababu imetangulia, bei imefuata, tarehe, kiasi, malipo, kuondoa mzigo, na sentensi ya kurudi kwa bei ya kawaida ambayo mwaka jana haikuwepo. Hiyo ndiyo utakayomwonyesha anayedai bei ya Mei mwezi wa Agosti. "Msimu uliopita" usilione kama aibu ya kuficha. Mchele uliokaa unabeba maji zaidi na unachambuka, ndiyo maana wapishi wa pilau wanaukimbilia wakati mpya unashikana sufuriani. Ukificha akagundua, atadhani umempa mzigo unaoharibika. Ukisema, kwa mgahawa ni sababu ya kununua. Ila fungua gunia kadhaa kabla ya tarehe 4, chota hadi katikati, uchunguze fukusi na unga unga. Gunia lenye wadudu lisiingie katika zile 120.

Ujumbe huu ni mrefu kwa meseji ya kawaida, ambayo inabeba herufi 160 kisha inakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa. Kwa wateja 22 gharama hiyo haitishi, lakini kwa wenye simu ndogo mpigie kwanza, umsomee, kisha utume ili maandishi yabaki.

Mkopo ndio utakaokuja kwanza kaunta. Mama lishe atakuambia 720,000 za gunia 3 hana kwa mara moja, ana 480,000, nyingine Ijumaa. Usimpe gunia 3 kwa bei ya ofa, na usimpe 2 kwa bei ya ofa kwa ahadi ya kurudia la tatu. Mpe njia unayoiweza: aungane na mwenzake aliye kwenye orodha, wachange, walipe pamoja na kuchukua gunia 3 kwa risiti moja. Lakini ukikubali hilo, likubali kwa wote tangu tarehe 4 na uwaeleze kwamba wote wawili wamehesabiwa wametumia nafasi yao. Kwa hesabu, wewe bado umetoa gunia 3 mahali ambapo zingetoka 4 katika wiki mbili, kwa hiyo kwa lengo la nafasi mpango huu ni dhaifu. Mimi ningetaka waliochanga waanzie gunia 5.

Mwenye deni la zamani naye atakuja na fedha taslimu akitaka ofa. Weka mstari: deni lililozidi siku 14 lilipwe kwanza. Ukiruhusu anunue kwa bei nafuu huku anakudai muda wa kulipa ya zamani, punguzo lako limekuwa riba unayomlipa mdaiwa. Na atakayelipa kwa simu Jumamosi saa 11 kasoro, hesabu muda ulio kwenye ujumbe wa muamala, si muda aliofika. Mzigo wake upakiwe jioni hiyo hiyo. Anayefika Jumatatu na fedha mkononi analipa 245,000, hata kama ni mteja wa miaka. Ukimwongezea siku mmoja, mwaka ujao hakuna atakayeiamini tarehe yako.

Tarehe 9 Mei jioni hesabu. Kama hazijatoka angalau gunia 45, usiongeze punguzo. Waliokwisha kununua kwa 240,000 watasikia kwamba wiki ya pili ni 237,000, na umewafundisha kusubiri. Piga simu kwa walio kimya mmoja mmoja. Mara nyingi utakuta kikwazo ni usafiri, na hapo kumlipia guta la kufikisha gunia 3 kunaweza kukugharimu pungufu ya kushusha bei kwa wote. Ukifanya hivyo kwa mmoja, andika kiasi, maana nacho kinatoka kwenye ule mwanya mdogo kati ya punguzo lako na 660,000.

Gunia la ofa lipimwe kama lile la kawaida, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, mbele ya mteja. Kwa 240,000 kilo ni 2,400. Gunia likipungua kilo 2 na nusu tu, umemnyang'anya 6,000 na punguzo lote la 5,000 limeyeyuka, naye atalijua siku ya kwanza ya kupika akihesabu vibaba. Lumbesa nayo ni marufuku, usiitumie kama "nyongeza". Risiti ya mashine itolewe kwa bei halisi aliyolipa, 240,000, wala isiandikwe 245,000 kisha ukarudisha chenji pembeni, utakuja kulipa kodi ya fedha ambayo hukuipata. Na usipandishe bei kwenda 250,000 wiki ya mwisho ya Aprili ili punguzo lionekane kubwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, lakini hata bila sheria, watu wanaonunua kwako kila wiki wanajua ulichowatoza Jumatatu iliyopita. Kama ulikuwa unafikiria kuongeza bahati nasibu ya pikipiki au simu, iache, hiyo inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na ni kazi nyingine kabisa.

Kuanzia 18 Mei kaunta itapoa. Usishtuke wala usikimbilie ofa nyingine. Mchele uliohamia kwa wateja bado haujaliwa. Subiri hadi Jumamosi 13 Juni, ndipo ujumlishe gunia zote walizochukua wateja 22 tangu tarehe 4 Mei, wiki 6. Kawaida yao ingekuwa 180. Ukipata 180 au karibu yake, ofa imesogeza mauzo mbele tu, na kwa kuwa ulichotaka ni nafasi na fedha ya gari, imefanya kazi yake. Ukipata 200, gunia 20 ni zile walizokuwa wanachukua kwa jirani yako, na jina kwa jina utaona ni nani hao. Ukipata 160, kuna mtu katika orodha amekwenda kununua kwingine, na huyo mpigie simu kabla ya gari la pili.